Mahindi yananyauka siku chache baada ya mvua kubwa: ni tabaka gumu? Nani amepasua kwa ripa ya maksai?

MamaGallapo

Habari za kazi wakulima wenzangu. Nalima ekari 2 za mahindi na mbaazi hapa Gallapo, Babati. Juzi bwana shamba wetu alituonesha slaidi za mafunzo ya kutunza udongo. Nyingi zilikuwa za mambo tunayoyafanya tayari, samadi, makinga maji na kubadilisha mazao. Lakini moja ilinishika. Ilikuwa picha ya shimo lililochimbwa katikati ya shamba, na mzizi wa mhindi umeshuka chini ya shibiri moja, halafu umekata kona na kwenda pembeni. Akasema chini kidogo ya pale plau inapoishia huwa kuna tabaka gumu, mizizi haipiti na maji hayapiti, na dawa yake ni kulipasua kwa ripa, yaani jino la chuma linalovutwa kama plau, badala ya kugeuza shamba zima kwa plau.

Ninauliza kwa sababu msimu uliopita mvua haikuwa mbaya. Ilinyesha mpaka maji yakatuama kwenye mistari. Likaja jua la siku chache tu, mahindi yakaanza kukunja majani kuanzia saa nne asubuhi, na ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele. Mume wangu anasema shamba limechoka, linataka mbolea. Mimi nashindwa kuelewa shamba lililotuamisha maji linawezaje kuwa na kiu wiki hiyohiyo.

Naomba mnisaidie: nitajuaje kama nina tabaka hilo kabla sijahangaika kutafuta ripa? Maksai wawili wanatosha? Na mbaazi zangu zinakaa shambani mpaka Septemba, sasa nitapasua lini?

KijanaTrekta

Mama, usijisumbue na maksai. Tafuta trekta yenye meno ya kupasulia, piga sentimita 60 kwenda chini mara moja, umemaliza. Tabaka halirudi tena na hata matandazo huyahitaji, maji yote yanazama. Mimi nafanya kazi hiyo wilaya nzima, ekari moja haichukui muda.

MzeeWaRhotia

MamaGallapo, hujambo mwanangu. Mimi niko Rhotia, Karatu. Huku kwetu trekta zilianza kuvuta plau za sahani zamani sana, kwa hiyo tabaka hilo tunalifahamu. Majaribio ya kulipasua, huku na huko kwenu Babati, yalianza miaka ya 1990.

Usitafute ripa kwanza. Tafuta jembe na kisu. Subiri udongo uwe na unyevu mpaka chini, yaani siku moja au mbili baada ya mvua ya kutosha. Ukipima kiangazi, udongo wote ni mgumu na kisu hakitakuambia kitu. Chimba shimo la kina cha sentimita 50 hivi, upande mmoja wa ukuta uwe umenyooka. Kisha choma kisu kwenye ukuta huo kuanzia juu kwenda chini, kila baada ya vidole viwili. Sikiliza mkono wako. Juu kitaingia bila shida. Kama tabaka lipo, kuna mahali kitagoma ghafla, halafu ukishuka zaidi kitaingia tena. Hiyo "tena" ndiyo muhimu. Kikigoma na kuendelea kugoma mpaka chini, hilo si tabaka la jembe, ni udongo wenyewe au changarawe iliyoshikamana, na ripa haitakusaidia sana.

Chimba shimo la pili mahali ambapo plau haijawahi kupita, pembeni kwenye mpaka au chini ya mti. Linganisha. Bila shimo hilo la pili unaweza kuuita udongo wako mgonjwa kumbe ndivyo ulivyoumbwa.

Na ung'oe mashina mawili matatu ya mahindi kwa kuchimba, si kwa kuvuta, uitazame mizizi.

BwanaNyanya

Nami nina tatizo hilihili la tabaka gumu. Niko Magugu. Nikisia mbegu za nyanya kwenye kitalu, mvua ikipiga halafu jua likawaka, juu kunakuwa na ukoko mgumu kama sahani, miche inashindwa kutoka. Je, ripa itanisaidia kwenye kitalu?

MzeeWaRhotia

BwanaNyanya, hilo lako ni jambo jingine. Ukoko wa juu unaletwa na matone ya mvua yanayopiga udongo mtupu, chembe ndogo zinaziba matundu, zikikauka zinashikana. Funika kitalu kwa nyasi kavu mara tu baada ya kusia, uziondoe miche ikianza kuchomoza, na ukoko uliokwisha kufanyika uuvunje kwa mkono kwa upole, kwenye unyevu. Ripa iache. Sisi hapa tunazungumzia kitu kilichoko chini, usichokiona mpaka uchimbe.

MamaGallapo

Shikamoo mzee. Ahsante sana. Bahati nzuri wiki hii tumepata mvua, nitachimba. Lakini nisaidie kuelewa. Plau si inalegeza udongo? Inakuwaje yenyewe ndiyo ilete ugumu?

MzeeWaRhotia

Marahaba. Plau inalegeza kilicho juu yake. Kilicho chini yake inakikandamiza. Chuma kinateleza kwa kina kilekile kila mwaka, na kama udongo una unyevu, kinaupaka na kuuziba kama mwashi anavyosawazisha sakafu kwa mwiko. Ng'ombe wanakanyaga humohumo kwenye mfereji uliofunguliwa. Kwa trekta ni zaidi, maana gurudumu la upande mmoja linatembea ndani ya mfereji, uzito wote unakaa juu ya udongo wa chini moja kwa moja. Halafu mvua inashusha chembe ndogo kutoka juu, zinajaza nafasi zilizobaki. Miaka inakwenda, kina hakibadiliki, tabaka linazidi.

Ndiyo maana mahali lilipo huonesha limeletwa na chombo gani. Anayelima kwa jembe la mkono hulikuta karibu na juu, sentimita 10 hivi. Wa maksai hulikuta kati ya 12 na 18. Wa trekta ya sahani, 20 au zaidi.

Sasa kiu yenu ya baada ya mvua. Chukua udongo wa tifutifu kama wa wengi wetu. Kila sentimita moja ya kina inaweza kumwekea mhindi maji ya milimita moja na nusu hivi. Mizizi ikiishia sentimita 15, akiba yote ni milimita 22. Mhindi unaotoa mbelewele kwenye jua kali unakunywa milimita 5 kwa siku au zaidi. Gawanya mwenyewe, ni siku nne na kidogo. Mizizi hiyohiyo ikishuka sentimita 60, akiba inakuwa milimita 90, na hapo mhindi unavumilia zaidi ya wiki mbili. Mvua ni ileile. Kwako maji yaliyokosa pa kupita yalituama, mengine yakatiririka na samadi yako, mengine yakapaa na jua.

Mumeo hajakosea kabisa kuhusu mbolea. Lakini mbolea ukiiweka juu ya mizizi iliyofungiwa, siku udongo wa juu ukikauka mhindi hauwezi kuinywa hata kama ipo.

KijanaTrekta

Mzee nakuheshimu, ila umeniruka. Nimesema 60 kwa sababu ukienda chini zaidi unapata maji zaidi. Kuna ubaya gani?

MzeeWaRhotia

Sijakuruka kijana wangu, nilikuwa namjibu mama kwanza. Kuna mahali uko sahihi. Pale tabaka lilipo kwenye sentimita 25 au 30, maksai hawaliwezi na trekta ndiyo kazi yake. Lakini kina kinaamuliwa na shimo. Ukijua tabaka linaishia wapi, unapita sentimita tano hivi chini ya hapo. Zaidi ya hapo mkulima anakulipa dizeli ya kupasua udongo ambao haukuwa na tatizo. Tena jino likienda chini mno, udongo wa pembeni haupasuki, unasukumwa tu, unabaki mfereji mwembamba kama mkato wa kisu.

Na kusema halirudi, hapana. Ukimpasulia mtu mwaka huu, mwaka ujao akaita plau ya sahani na matairi yakapita kila mahali, misimu michache mbele yuko palepale. Pia udongo uliopasuliwa ukaachwa mtupu, mvua inaupiga, chembe zinashuka, nyufa zinajaa. Ripa inafungua, lakini kinachouacha wazi ni mizizi na matandazo.

Mkongwa

Naunga mkono hilo la kuchimba kwanza. Niko Kongwa, Dodoma. Wazee wetu waliona mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Walikuja na matrekta makubwa na mashine za kung'oa miti, na udongo wetu ukazishinda. Una mfinyanzi na mchanga mkali. Ukikauka unagandamana wote, karanga hazing'oleki, na mchanga unakula chuma. Serikali yao iliufuta mradi mwaka 1951. Hapa kwetu ukichoma kisu kiangazi au baada ya mvua haba, udongo ni mgumu kuanzia juu mpaka chini. Nawaona wenzangu wanakodi mashine ya kupasua, mvua mbili tatu udongo unakaa tena ulivyokuwa. Kwangu vishimo vyenye samadi vimenifaa kuliko kupasua.

MamaGallapo

Nimechimba mashimo mawili shambani na moja kwenye mpaka, chini ya mgunga. Shambani kisu kimeingia vizuri mpaka kama sentimita 14, kisha kikagoma kabisa, nikasukuma kwa mikono miwili. Kwenye 20 kikaanza kuingia tena. Udongo wa hapo katikati ukiubomoa unatoka vipande bapa, vimelaliana. Kwenye mgunga kisu kinaingia bila kugoma popote, na kuna vitundu vya minyoo.

Mashina ya mahindi ya msimu uliopita bado yapo. Mizizi yake imeenda pembeni kama kwenye ile picha. Lakini nimeona jambo sikulitegemea: mzizi mkuu wa mbaazi umepita. Umejikunja kidogo pale kwenye ugumu, ukawa mwembamba, halafu ukaendelea chini.

Mume wangu alikuja kuangalia, akashika kisu mwenyewe. Sasa anauliza ripa inapatikana wapi.

MzeeWaRhotia

Umefanya vizuri sana. Hilo ni tabaka la plau ya maksai, la sentimita 14 mpaka 20, na maksai wanaliweza. Mbaazi zinakuonesha kwamba si mwamba. Mzizi wake ukifa na kuoza, tundu linabaki na mhindi wa mwaka unaofuata unalifuata. Kwa hiyo usiache mbaazi hata kidogo, na ukivuna ukate shina, usiling'oe.

Ripa tunayoitumia huku ni ile ya Magoye, ilitoka Zambia. Ni jino moja lenye mabawa mawili madogo, na linafungwa kwenye boriti ya plau yako ya kawaida baada ya kutoa mwili wa plau. Huhitaji kununua chombo kizima. Hakikisha tu matundu ya bolti yanalingana na boriti yako kabla hujalipa.

Kwa udongo wako utapita mara mbili kwenye mstari uleule. Mara ya kwanza legeza mnyororo na gurudumu upate sentimita 12 mpaka 15. Mara ya pili unarudi humohumo unashuka mpaka 25. Ukitaka kwenda 25 kwa mpito mmoja, maksai watasimama au jino litaruka na kuparuza juu, utaona mstari lakini chini hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo mwisho wa mstari wa kwanza simama, chukua jembe, kata mstari kwa ubavu uone. Unatakiwa kuona nyufa zimetoka kwenye jino na kupanda juu kwa pembeni, pande zote mbili. Ukiona mfereji safi wenye kuta laini zinazong'aa, acha kazi, udongo una maji mengi.

Hilo la unyevu ndilo linaloharibu kazi za watu wengi. Kupasua ni tofauti na kulima. Kulima unasubiri mvua. Kupasua unataka udongo mkavu kule chini ili upasuke. Chukua udongo wa pale kwenye sentimita 18, uviringishe kati ya viganja. Ukitoka kijiti kama penseli, subiri. Ukivunjikavunjika, funga nira.

MamaGallapo

Mzee, hapo ndipo ninapokwama. Udongo ukikauka hivyo ni Oktoba, na Oktoba maksai wetu ni mifupa. Watavuta nini?

MzeeWaRhotia

Ndiyo maana sisi hatusubiri Oktoba. Tunapasua mara tu baada ya kuvuna mahindi, Julai. Chini kumeanza kukauka lakini hakujawa tofali, na maksai bado wana mwili kwa sababu majani yamekuwepo. Ukichelewa mpaka mwisho wa kiangazi utahitaji jozi mbili, na jino litaisha haraka.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hugeuzi shamba zima. Piga hesabu na mumeo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Plau ya inchi tisa inakata upana wa sentimita 23, kwa hiyo maksai wanatembea zaidi ya kilomita 17 kumaliza ekari. Ripa kwa mistari ya sentimita 90 wanatembea kilomita 4.5. Hata ukirudia mara mbili ni 9. Kila hatua ni nzito kuliko ya plau, sikufichi, lakini hatua zenyewe ni nusu tu.

MamaGallapo

Sentimita 90? Sisi tunapanda mahindi 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Si nitapoteza mashina?

MzeeWaRhotia

Panda 90 kwa 50, mbegu mbili. 75 kwa 60 ni mashimo karibu 9,000 kwa ekari, na 90 kwa 50 ni yaleyale. Mahindi yanasogeleana kidogo kwenye mstari na kuachiana zaidi kati ya mistari. Ila mbegu iingie ndani ya mstari uliopasuliwa, si pembeni. Ukipanda nje ya mstari hujafanya kitu.

Na mistari hiyo iwe ya kudumu. Weka vigingi vya miti mipakani. Mwaka ujao unapita palepale, na maksai na watu wanatembea katikati tu.

MkulimaKiru

Hapo kwenye mbaazi nadhani mzee amepita haraka. Mimi nipo bonde la Kiru na mbaazi kama dada. Julai mahindi yametoka lakini mbaazi zimesimama, zina maua na maganda. Ukipitisha maksai kati yake wanavunja matawi, na wengine wanakula. Mimi hupasua Septemba baada ya kuvuna mbaazi, nakodi jozi mbili. Inaniuma gharama lakini sipotezi mbaazi.

MzeeWaRhotia

Una hoja. Kwetu wengi hupanda mstari wa mbaazi kila baada ya mistari miwili ya mahindi, kwa hiyo kuna njia, na maksai tunawafunga kapu mdomoni. Lakini kama mbaazi ziko kila mstari au zimechanganywa shimo moja na mahindi, sioni njia ya Julai isiyoumiza. MamaGallapo, zako ziko vipi?

MamaGallapo

Ziko kila mstari wa pili, mzee. Lakini matawi yanakutana juu. Mume wangu hataki kabisa ng'ombe waingie Julai. Nusu ekari ya upande wa barabarani ilikuwa na mahindi matupu, labda tuanzie huko.

MzeeWaRhotia

Anzeni huko. Na hapo pembeni acheni mistari michache ya plau kama kawaida, mbegu ileile, siku ileile, samadi kiasi kilekile. Jua likija mtayaona mahindi yapi yanakunja majani kwanza.

KijanaTrekta

Mimi nawaona wengi waliopasua wanakimbilia kurudi kwenye plau mwaka wa kwanza kwa sababu ya magugu. Nawaambia wapige dawa ya kuua majani kabla ya kupanda, basi, palizi hakuna tena.

MkulimaKiru

Dawa inaua yaliyoota siku hiyo. Mvua ya pili inaleta mengine. Mimi nimeipiga na bado nimepalilia.

MzeeWaRhotia

Magugu mwaka wa kwanza yanaongezeka, ni kweli, na slaidi nyingi hazisemi hivyo wazi. Plau ilikuwa inazika mbegu na kuyakata. Sasa zote ziko juu zinaota. Ukipanga palizi zako kwa kalenda ya zamani utachelewa. Ingia mapema, magugu yakiwa na majani mawili matatu, na parua juu tu kwa jembe kali, usichimbe, maana ukichimba unaamsha mbegu za chini. Usiyaache yatoe mbegu hata yale ya mwisho wa msimu yanayoonekana hayana madhara. Ukiyawahi hivyo misimu miwili mitatu, kazi inapungua. Usipoyawahi, inaongezeka. Anayetaka kutumia dawa atumie kwa kufuata kibandiko, lakini asiuze jembe lake.

Ngwara, ile jamii ya maharage inayotambaa, ikiwa katikati ya mistari inasaidia sana. Ipande mahindi yakishafika magotini, la sivyo itayapanda na kuyaangusha.

MamaGallapo

Nimeelewa. Sasa matandazo. Mabua yangu yanaliwa yote na ng'ombe wa kijiji. Tukishavuna, shamba ni la kila mtu. Nikiwazuia nitaonekana mchoyo, na wangu pia hula kwa wengine.

MkulimaKiru

Hili ndilo linalonishinda na mimi. Nilizungushia miba, wakapita.

MzeeWaRhotia

Hili sina jibu la kuwapa mkalala. Nawapa hesabu tu. Ekari iliyotoa magunia 10 ya mahindi inaacha mabua na majani tani moja, pengine na nusu. Ng'ombe mmoja wa kwetu anakula kilo 6 au 7 kwa siku. Ng'ombe wako mmoja peke yake hamalizi mpaka msimu ujao. Kundi la ng'ombe 50 linamaliza chini ya siku tano, na kwato zao zinakanyaga mistari uliyopasua.

Tunachofanya sisi baadhi ni kugawana na ng'ombe wetu wenyewe. Majani na vilele tunavibeba nyumbani vikiwa bado vibichi kidogo, ndivyo vyenye chakula. Mashina ya chini tunayaacha yamelala shambani, ng'ombe wanaolishwa hawayahangaikii sana. Ukisimama ukatazama chini ukaona karibu theluthi ya ardhi imefunikwa mvua ikianza, inatosha kupunguza mmomonyoko. Usiyachimbie ndani, yaache juu. Ukiyafukia, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo na mahindi yako machanga yanakuwa ya njano.

Njia nyingine ni serikali ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo ya tarehe za kuchungia, ikapita kwenye mkutano mkuu na kupelekwa halmashauri ya wilaya iridhiwe. Nimeona vijiji vilivyopitisha na inafuatwa. Nimeona na vingine ambako karatasi ipo ofisini na ng'ombe wapo shambani. Inategemea wafugaji walikuwepo kwenye kikao au walisomewa tu.

Mkongwa

Kwetu wafugaji hawakuwepo. Mnajua matokeo.

MamaGallapo

Basi tutaanza na ile nusu ekari, ipo karibu na nyumba, naiona. Mbaazi za kule kwingine tutakata mashina na kuacha mizizi, na suala la Julai au Septemba tutaamua tukishaona. Swali la mwisho mzee: jino la ripa likiisha, fundi wa hapa anaweza kulitengeneza au ninunue jingine?

MzeeWaRhotia

Fundi yeyote wa kuchomea anaweza kuongezea ncha. Mwambie atumie chuma kigumu, vipande vya springi ya gari ndivyo tunavyotumia huku. Pembe ya ncha abaki nayo ilivyokuwa, kwa hiyo chora umbo lake kwenye karatasi likiwa jipya, kabla halijaingia shambani. Ncha ikiwa butu au imeinuka, jino halizami hata uongeze mtu wa kukandamiza mpini. Na beba spana na bolti za akiba, hukatika kwenye visiki.